Mita Tatu Kutoka Ukingo wa Genge: Zinapimwa Kutoka Wapi?

Michoro ya nyumba zinazokusudiwa kujengwa kwenye miteremko ya Mikindani, Changamwe na Miritini, upande wa bara wa Mombasa, kule ardhi inakoshuka ghafla kuelekea hori za Tudor na Port Reitz, mara nyingi huwa na kipimo kimoja tu kinachohusu genge lenyewe. Ni mshale mfupi unaotoka ukingoni hadi kwenye ukuta wa nyuma, na juu yake pameandikwa mita 3. Fundi akifika kwenye kiwanja huvuta futi ya mkononi kutoka kwenye nyasi za mwisho, hupiga kigingi, na kazi ya kuchimba msingi huanza. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho, hata kikifuatwa kwa uaminifu, hakijibu swali ambalo kimewekwa kulijibu, kwa kuwa hakisemi kinaanzia sehemu gani ya genge, wala kinafikia sehemu gani ya msingi, wala maji yatafanya nini katika udongo ulio katikati. Tusikichanganye na umbali wa kisheria kutoka mstari wa maji kujaa, ambao unalinda ufuo na njia ya umma. Hapa tunazungumzia nyumba na ardhi iliyoibeba.

Tuanze na asili ya hizo mita tatu. Kanuni inayojulikana sana miongoni mwa wahandisi ni ile ya IBC, yaani International Building Code, inayotumika katika sehemu kubwa ya Marekani, ambayo kifungu chake cha 1808.7 kinataka msingi ulio juu ya mteremko uwe mbali na uso wa mteremko huo kwa theluthi moja ya kimo chake, yaani H/3, na umbali huo hauhitajiki kuzidi futi 40. Genge la mita tisa, basi, linatoa mita tatu kamili, na pengine ndiyo maana tarakimu hiyo inaonekana mara kwa mara katika michoro yetu hata pale ambapo mchoraji hataji ameitoa wapi. Kwa bahati mbaya, nusu ya kanuni hubaki njiani. Kwanza, kanuni inapima umbali wa mlalo kutoka kwenye uso wa nje wa kitako cha msingi, chini kabisa pale kilipolazwa, na si kutoka kwenye ukuta unaoonekana juu ya ardhi. Pili, genge likiwa na mwinamo mkali kuliko nyuzi 45, hatupimi kutoka kwenye uso wake halisi. Tunachora mstari wa nyuzi 45 kutoka mguuni pa genge kwenda juu, na theluthi ile inahesabiwa kuanzia kwenye mstari huo wa kufikirika.

Tuchukue kiwanja cha mfano, kwa vipimo ambavyo si vya ajabu katika eneo hilo. Genge lina kimo cha mita 9 na mwinamo wa nyuzi 60, kwa kuwa chini yake palikatwa zamani ili kupitisha barabara ya chini. Kwa mwinamo huo, ukingo wa juu uko mita 5.2 kwa mlalo kutoka mguuni. Mstari wa nyuzi 45 ukipandishwa kutoka mguuni hufika usawa wa ardhi ya juu baada ya mita 9, kwa hiyo unatokeza mita 3.8 nyuma ya ukingo. Msomaji ataona tatizo papo hapo: kigingi cha fundi kilichopigwa mita 3 kutoka ukingoni kiko mbele ya mstari ambao kanuni yenyewe inauhesabu kuwa ndio uso wa genge. Nyumba haijakaribia mpaka wa kanuni; imeuvuka kabla hata theluthi haijaanza kuhesabiwa.

Kina cha msingi kinasaidia, na hapa ndipo penye nafuu ambayo wenye viwanja wengi hawaijui. Kwa sababu umbali unapimwa kwenye kitako cha msingi, na mstari wa nyuzi 45 unarudi kuelekea mguuni pa genge kadiri unavyoshuka, kila mita moja ya kina inaokoa mita moja ya mlalo. Msingi wenye kina cha mita 1.2 unatosheleza kanuni ukiwa mita 5.6 kutoka ukingoni, ilhali ule ulioelea karibu na uso wa ardhi ungehitaji mita 6.8. Anayeng'ang'ania mita zake tatu anaweza kuzipata, mradi achimbe hadi mita 3.8. Kwenye kiwanja, jambo hili hukaguliwa kwa timazi na uzi: uzi wa usawa unavutwa juu kutoka ukingoni hadi kwenye mtaro wa msingi, timazi inashushwa hadi kwenye sakafu ya mtaro upande unaotazama genge, na umbali unasomwa kwenye uzi huo kabla zege halijamwagwa. Ni ukaguzi usiohitaji mashine, na pengine ndiyo sababu haufanywi. Watu huamini zaidi kile kinachokuja na mhuri.

Hata hivyo, kanuni ya theluthi ina sharti ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa. Inachukulia kwamba mteremko wenyewe umesimama imara, na kwamba kinachohitajika ni kuuepusha msingi na tabaka la juu linalolegea, linalokauka na kupasuka, au linalomomonyoka polepole. Haikutungwa ili kuokoa nyumba iliyo juu ya genge linalokaribia kuporomoka lote. Ndiyo maana kanuni hiyo hiyo inaruhusu umbali mwingine, mdogo au mkubwa zaidi, pale uchunguzi wa udongo unapofanywa. Kwa eneo hili la bara la Mombasa, naona uchunguzi huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya kupunguza umbali, bali njia ya kujua kama theluthi ina maana yoyote.

Sababu ni mwamba wenyewe. Kisiwa na pwani ya Nyali vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, lakini ukivuka kuelekea Changamwe unaingia kwenye mwamba wa kale zaidi wa enzi ya Jura, uliofanyika kwa matope yaliyogandamana tabaka juu ya tabaka, na sehemu nyingine umefunikwa na mchanga mwekundu. Ukichimbwa ukiwa mkavu, mwamba huo hudanganya. Sururu hugonga na kurudi, pande za shimo husimama wima, na fundi husema, kwa haki yake, kwamba hapa pana jiwe. Jaribio la kumjibu ni rahisi mno. Chukua pande lenye ukubwa wa ngumi kutoka sakafuni mwa mtaro, liache likauke juani, kisha litumbukize katika ndoo ya maji na uliangalie. Likiwa ni mwamba madhubuti, litatoa mapovu machache na kubaki pande. Likiwa ni lile linalotutia wasiwasi, kingo zake zitaanza kumeguka kama magamba katika muda mfupi, nyufa zitafunguka kwa kufuata matabaka, na kufikia kesho yake ndoo itakuwa na lundo la vipande na tope chini. Jaribio hilo halitoi tarakimu ya kuingizwa katika hesabu, lakini linaonyesha kwamba nguvu iliyopimwa wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa imekauka, haitakuwa nguvu ile ile mwishoni mwa masika.

Sasa turudi kwenye genge letu la mita tisa tulifanyie hesabu ya uthabiti. Nitatumia njia ya Culmann, mhandisi wa karne ya 19, ambayo inachukulia kwamba udongo utateleza juu ya bapa moja nyoofu linalopita mguuni pa genge. Programu za kompyuta za leo hujaribu maelfu ya mikato ya mviringo, nazo ni bora, lakini kwa genge lenye mwinamo mkali bapa nyoofu halikosei sana, na faida yake ni kwamba mtu anaweza kulifuatilia kwa kalamu. Tuseme mwamba uliochakaa una uzito wa kilonyutoni 19 kwa mita ya ujazo, mshikamano wa kilopaskali 15 na pembe ya msuguano ya nyuzi 25. Tunagawanya nguvu zinazoshikilia kwa nguvu zinazovuta, na jibu ndilo kipimo cha usalama: likiwa 1 genge liko kwenye mizani, na kwa makao ya kudumu desturi ya wahandisi ni kutaka 1.5.

Bapa dhaifu kuliko yote linapatikana kwenye mwinamo wa takriban nyuzi 40, na kipimo chake cha usalama, genge likiwa kavu na bila nyumba, ni karibu 1.25. Genge linasimama, na lingeweza kusimama miaka mingi, lakini akiba yake ni nusu tu ya ile inayotakiwa. La kuzingatia zaidi ni mahali ambapo bapa hilo linatokeza juu: takriban mita 5.4 nyuma ya ukingo. Ukuta wa nyuma uliopigwa kigingi kwenye mita 3 haukai nyuma ya kipande kinachoweza kuteleza, unakaa juu yake. Ukiongeza uzito wa ukuta huo pamoja na sehemu ya slebu inayoubebesha, kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, kipimo cha usalama kinashuka hadi karibu 1.17. Kushuka huko si kukubwa, na ni vyema tukubali hivyo: nyumba ndogo ni nyepesi ikilinganishwa na udongo ulio chini yake. Anayedhani kwamba hatari kubwa ni uzito wa nyumba anatazama upande usio na tatizo.

Tatizo ni maji. Yanapojipenyeza hadi kwenye bapa lile, hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huinua kipande cha juu kidogo, hivyo kupunguza msuguano, na hulainisha mwamba wenyewe, kama ndoo ilivyokwisha kutuonyesha. Chukulia shinikizo la maji la mita moja tu katika nusu ya bapa, na mshikamano uliopungua kutoka kilopaskali 15 hadi 10. Kipimo cha usalama kinaanguka hadi karibu 0.87 pamoja na nyumba, na 0.9 bila nyumba. Maana yake ni kwamba genge hilo linaporomoka hata kama hakuna aliyejenga juu yake, mradi maji ya kutosha yafike ndani. Mwenye kiwanja akisema kwamba genge limesimama tangu enzi za babu yake, anasema kweli, lakini wakati wa babu yake hapakuwa na maji ya nyumba yaliyokuwa yakimwagwa ardhini kila siku.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo michoro mingi inapojipinga yenyewe. Sehemu kubwa ya bara la Mombasa haijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya maji taka, hivyo kila nyumba huchimba tangi la septiki na shimo la kufyonza maji. Mchoraji, akiwa ameusogeza ukuta nyuma ili kuacha mita zake, hubaki na ukanda mtupu kati ya nyumba na genge, na ni vigumu kupinga kishawishi cha kuliweka shimo hapo hapo, mbali na barabara na mbali na pua za wageni. Familia ya watu sita wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku humimina zaidi ya mita za ujazo 200 kwa mwaka. Kwa mji unaopata takriban mita moja ya mvua kwa mwaka, hayo ni sawa na mvua yote ya mwaka mzima inayoangukia uwanja wa mita za mraba 200, ila mvua hii haitiririki juu, haikauki kwa jua, na haina kiangazi. Inaingia yote kwenye tundu moja, mita chache kutoka ukingoni, moja kwa moja kuelekea bapa tulilolihesabu. Paa nalo lina mchango wake: siku moja ya mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 150 inatoa lita 7,500, na zikiachwa zidondoke nyuma ya nyumba zitatafuta njia yake kupitia ufa wowote ulio wazi. Kwa maoni yangu, mchoro unaoonyesha mita za kuachwa bila kuonyesha shimo la maji taka na mfereji wa maji ya paa unaelekea wapi haufai kusomwa zaidi ya ukurasa huo.

Je, umbali halisi uwe ngapi? Namna ya uaminifu ni kuuliza ni wapi nyuma ya ukingo ambapo bapa lolote linaloanzia mguuni pa genge tayari limefikisha kipimo cha usalama cha 1.5. Mabapa yaliyolala zaidi yana usalama mkubwa zaidi, nayo hutokeza mbali zaidi. Katika mfano wetu, genge likiwa kavu, mstari huo unatokea karibu mita 12 nyuma ya ukingo. Hiyo ni mara nne ya mshale wa mchoro, na ni mara mbili ya kile ambacho kanuni ya theluthi ingekubali kwa msingi wa mita 1.2. Tena msingi uliowekwa mita 5.6 kutoka ukingoni, ukiwa umetimiza kanuni neno kwa neno, utajikuta kwenye ukingo mpya siku kipande cha kwanza kitakapoondoka, kwa kuwa ufa wa kuporomoka uko mita 5.4. Nyumba haitaanguka siku hiyo, lakini genge jipya litakuwa chini ya dirisha la jikoni.

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina urefu wa takriban mita 30. Ukitoa mita 12 upande wa genge zinabaki 18, na kutoka hapo bado utatoa nafasi ya mbele kando ya barabara. Nyumba inaingia, ingawa si ile yenye baraza pana inayotazama maji, na baraza hiyo mara nyingi ndiyo iliyofanya kiwanja kinunuliwe kwa bei kiliyonunuliwa. Anayeitaka bado ana njia, lakini si ya bei nafuu. Anaweza kuubeba upande wa nyuma kwa nguzo za zege zinazopita chini ya bapa lile lenye kipimo cha usalama cha 1.5. Katika mfano huu, nguzo iliyo mita 3 kutoka ukingoni itashuka karibu mita 4.7 kabla ya kuanza kuhesabiwa kama imeshika kitu, na itapaswa kuhimili pia msukumo wa udongo unaotaka kusogea. Anaweza kulichonga genge lilale zaidi, kama mguu wake uko ndani ya mpaka wake mwenyewe, jambo ambalo ni nadra. Au anaweza kutoa maji, kwa mifereji ya mlalo inayotobolewa kwenye uso wa genge na kwa kuhamisha shimo la kufyonza liende upande wa barabara. Hili la mwisho ni la gharama ndogo kuliko yote, na peke yake halifikishi 1.5, lakini linazuia ile safari ya kutoka 1.17 hadi chini ya 1.

Ripoti ya udongo inayokuja na mchoro huwa na kurasa nyingi, na hitimisho lake kwa kawaida ni sentensi moja kuhusu uwezo wa udongo kubeba mzigo, tuseme kilopaskali 150 kwenye kina cha mita 1.2. Tarakimu hiyo ni sahihi na si jibu la swali hili. Inasema kama kitako cha msingi kitadidimia, haisemi kama ardhi yote iliyokishika itaondoka pamoja nacho. Kweli, msingi ulio karibu sana na ukingo hupoteza sehemu ya uwezo wake kwa sababu upande mmoja hauna udongo wa kuuegemea, lakini athari hiyo hufifia baada ya umbali wa mara chache za upana wa kitako; kwa kitako cha sentimita 60, mita 5.6 zinatosha kabisa. Ripoti inayofaa kwa kiwanja cha genge iwe na mkato wa ardhi kutoka barabarani hadi mguuni pa genge, shimo moja la uchunguzi linaloshuka hadi usawa wa mguu huo badala ya mashimo mawili ya mita moja na nusu, mwelekeo wa matabaka, kwa sababu yakiinamia upande wa genge hesabu yote ya juu inakuwa ya matumaini, na kipimo cha usalama kilichohesabiwa kwa hali ya masika, si kwa hali ya siku ya uchunguzi.

Neno fupi kuhusu upande wa matumbawe, Nyali na Likoni, kwa kuwa huko hesabu hii haihamishiki. Matumbawe husimama wima bila shida, na mstari wa nyuzi 45 huko unaweza kudai umbali mkubwa usio na sababu. Hatari ya huko huanzia chini, pale mawimbi yanapochimba pango kwenye usawa wa maji kujaa, na mwamba wa juu unabaki ukining'inia hadi umeguke kwa pande kubwa. Umbali hupimwa kutoka ukuta wa ndani kabisa wa pango hilo, na anayepima kutoka ukingo wa juu anaweza kuwa tayari amesimama hewani.

Kwa aliyekwisha kujenga, genge hutoa habari kabla. Atazame nyufa za ardhini zinazokwenda sambamba na ukingo, hasa zile zinazorudi mahali pale pale kila baada ya masika hata zikifukiwa, nguzo za ua zilizoanza kuinamia upande mmoja, na minazi iliyopinda shinani kisha ikanyooka juu. Apige vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na apime umbali kati yao kwa futi ile ile kila mwezi. Umbali ukiongezeka mvua zinaponyesha na kutulia wakati wa kiangazi, afunge shimo la nyuma kabla ya kumwita mhandisi; ukiendelea kuongezeka hata kiangazi, amwite mhandisi siku hiyo hiyo, na watu wasilale tena vyumba vya upande huo.